Makochi, Mapazia na Mashine ya Kadi

Mashine yenyewe ilikuwa kipande cha chuma kinachoweza kubebwa kwapani, chenye mkono wa kusukuma. Unalaza kadi ya mteja, unaweka juu yake karatasi yenye nakala tatu, unasukuma mkono kwenda na kurudi, krap, krap, na namba za kadi zinajichapa pamoja na jina la duka. Nakala moja ya mteja, moja ya duka, moja ya benki. Katika kipande chetu cha Jogoo Road, miaka ile ya katikati ya tisini, ukubwa wa mtu haukupimwa kwa gari. Ulipimwa kwa mashine hiyo, na mashine ilikuwa moja tu. Ilikuwa kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu.

Mimi nilikuwa nimerudi Nairobi baada ya kuzunguka. Shule niliiacha mapema, si kwa kukosa karo tu, bali kwa sababu nilichoka kukaa mahali pamoja nikiambiwa mambo ya mahali pengine. Nilikuwa nimepakia miwa, nimelinda godauni Nakuru, nimeuza miwani Mombasa. Kila nilipofika nilitaka kujua vitu vinavyofanya kazi, na nikishajua niliondoka. Dada alinipokea Mbotela, lakini nyumba ya kaunsili ya jiji ilikuwa na chumba kimoja, mume, watoto wawili na mtoto mchanga. Kwa hiyo nililala dukani. Nilikuwa mtu asiye na kitanda aliyelala kila siku kwenye kochi jipya. Kochi likiuzwa, nahamia lingine.

Duka liliuza makochi na vitanda. Nyuma kulikuwa na mafundi wawili na vumbi la mbao, mbele makochi yamefungwa nailoni. Wateja wazuri walitoka Komarock. Wengi walikuwa watu wa ofisi waliohamia nyumba mpya zenye sebule tupu na madirisha makubwa, na mifukoni walikuwa na kadi. Bila mashine wangepita moja kwa moja hadi mjini. Shemeji alilijua hilo, ndiyo maana alihangaika na benki miezi mingi mpaka wakamkubalia. Walitaka duka lililosajiliwa, akaunti, na simu ya mezani, kwa sababu malipo yakivuka kiwango fulani lazima upige simu benki uulize kama kadi ina pesa, upewe namba, uiandike kwenye karatasi.

Mlango wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mwanamke wa mapazia. Alitoka upande wa Murang'a, akiishi mtaa wa Ziwani na binti yake mmoja. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama korido, vitambaa vimesimama kwenye mabomba kama watu wanaosubiri zamu. Alikuwa na cherehani mbili na ulimi mmoja uliotosha kushona mji mzima.

"Wewe wa makochi," aliniambia siku ya kwanza, "unalala humo ndani ya nailoni kama mkate?"

Nilicheka. Kuanzia hapo nikawa namtundikia mapazia kwa wateja. Nilipanda ngazi, nikatoboa ukuta, nikapitisha fimbo. Alinilipa vizuri na kunikaripia vizuri zaidi. Nilikuwa tayari kutundika mapazia mpaka madirisha ya Nairobi yaishe.

Lakini jioni, kabla ya kufunga, alikuwa akija dukani kwetu. Shemeji alifungua droo, akahesabu noti, akampa. Yeye alipindua nakala ya duka ya karatasi ya kadi, akatia sahihi nyuma yake, akasema "Haya baba, Mungu akuzidishie," akaenda. Shemeji, mtu aliyenidai hata majani ya chai niliyochemsha kwenye jiko la mafundi, alibaki akitabasamu peke yake kama aliyepewa yeye.

Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeuliza, kama ninavyouliza kila kitu. Mtu wa Komarock akishanunua kochi anataka na pazia la kulingana nalo, na ana kadi ileile mkononi. Mama wa mapazia hakuwa na mashine wala simu. Basi mteja aliletwa kwetu, kadi yake ikasuguliwa kwenye mashine yetu, karatasi ikaingia benki kama mauzo ya makochi, na jioni shemeji akampa mama wa mapazia pesa zake taslimu. Kusaidiana kwa majirani. Kwenye vibanda vyetu hata pasi ya makaa ilizunguka milango mitano kwa siku, sembuse mashine.

Nilijua, na bado noti zikipita mkono hadi mkono sikuweza kuziondolea macho. Mimi nilikuwa na ngazi na nyundo. Shemeji alikuwa na mashine.

Dada hakujua. Kabla ya mtoto mchanga alikuwa akishinda dukani mwenyewe, na wakati huo hapakuwa na mashine. Sasa alikaa Mbotela, na jioni mumewe alimsomea mauzo ya siku naye akayaandika. Kila mwisho wa mwezi mhasibu wa kukodi mjini alichukua maandishi yake, akajaza fomu za VAT, kodi inayoongezwa juu ya bei. Dada alikuwa na kanuni aliyorithi kwa baba yetu, aliyeuza vitanda vya kamba kijijini: kitu hakijauzwa mpaka kitoke mlangoni. Mteja akiacha arbuni leo na kochi likitoka baada ya miezi miwili, dada aliandika siku ya kutoka. Arbuni kwake ilikuwa ahadi, na ahadi haiandikwi.

Mtu wa kodi alikuja asubuhi moja, mzee kiasi, sweta ya kijivu, mkoba wa ngozi uliopauka. Alikaa kwenye kochi la maonyesho na nailoni ikapiga kelele chini yake.

"Kochi zuri," alisema. "Mmeuza mangapi kama haya?"

"Biashara ni mbaya, mzee," shemeji alijibu. "Watu wanaangalia tu."

"Wanaangalia na kadi?"

Akatoa karatasi za benki. Zilikuwa ni taarifa za malipo ya kadi: kila fungu la karatasi tulilopeleka, jumla yake, asilimia iliyokatwa na benki, na kilichobaki kilichoingia kwenye akaunti. Pembeni aliweka fomu zetu za VAT za miezi ileile. Hakupandisha sauti. Alionyesha kwa kidole.

"Hapa ni kadi. Hapa ni mauzo yote uliyonitangazia, kadi na taslimu pamoja. Kadi peke yake imeshinda yote. Na bado hujanihesabia mtu aliyelipa kwa noti."

Shemeji alitazama. Akajaribu mlango wa kwanza uliokuwa karibu. "Mzee, benki inakata pesa zake. Mimi sipati hizo zote."

"Wanachokata ni gharama yako, kama kodi ya pango. Mteja alilipa bei nzima. Mauzo ni bei nzima." Akageuza ukurasa. "Mimi mwenyewe nimekusaidia mahali pengine. Fomu yako inaonyesha mauzo kabla ya VAT, na karatasi ya kadi ina bei pamoja na VAT. Kwa hiyo nimeitoa kwanza. Hata baada ya kuitoa, pengo liko."

Alimpa barua. Shemeji alipewa muda wa kueleza tofauti ile, la sivyo angetozwa kodi ya pengo lote pamoja na adhabu. Shemeji alisoma kiasi kilichoandikwa chini, akakaa kwenye stuli ya mafundi. Nilichungulia begani mwake. Makochi yote yaliyokuwa ndani, na mbao nyuma, na mashine za mafundi, visingefika. Duka lingekwisha.

Barua ilifika Mbotela kabla ya shemeji kuamua namna ya kuieleza, kwa sababu aliitia mfukoni mwa koti, na koti dada ndiye aliyelifua. Mimi nilikuwa pale, nimekuja kula. Dada aliisoma akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko mumewe. Aliisoma mara ya pili, kisha akaiweka mezani kwa upole ulionitisha.

"Wao wanauliza kodi," alimwambia mumewe. "Mimi nauliza pesa. Duka limeuza hivi. Nyumbani zimefika hivi. Hizi za katikati zinalala wapi?"

"Mama watoto, nisikilize. Ni mambo ya mashine..."

"Mashine imezaa? Nani analea?"

Shemeji akasema angemweleza vizuri akitulia. Akatoka nje kupunga hewa. Hilo ndilo kosa aliloweza kufanya yeye tu. Mtu aliyeweza kumwuzia kochi la viti saba bwana mwenye sebule ya viti vinne alikosa sentensi moja ya kumwambia mkewe.

Dada akanigeukia mimi.

"Wewe unashinda pale. Unalala pale. Usinidanganye, tumenyonya ziwa moja. Ni nani?"

"Hakuna nani, dada. Kuna mama wa mapazia. Wateja wake wanalipia kwetu kwa kadi, jioni anapewa pesa zake."

"Kila jioni?"

"Karibu kila jioni."

"Anampa mkononi?"

"Sasa atampa wapi?"

Alifunga kanga ya mtoto upya, ikawa ngumu kama kamba ya mzigo. "Ana sura gani?"

Ningeweza kusema ni mama mtu mzima, mwenye miwani na sindano kinywani. Ilikuwa kweli. Lakini niliulizwa sura, nami sura ile nilikuwa naijua zaidi kuliko nilivyotakiwa.

"Ni mzuri," nilisema.

Siku zilizofuata duka lilikaa kama nyumba yenye mgonjwa. Shemeji alikwenda kwa mtu wa kodi na hadithi yake ya jirani, akarudi amenyong'onyea. Nilimwuliza imekuwaje.

"Mulamwa," alianza. Hilo ni neno la kwetu la shemeji, na alilitumia akiwa na shida tu. "Ameniambia kila mwenye duka ana jirani. Anataka jirani mwenyewe, aje na risiti zake, aseme mauzo ni yake. Sahihi nyuma ya karatasi si kitu. Ninaweza kuwa niliziandika mimi usiku kucha."

"Si umwite? Yuko mlango wa pili."

Alikuna shingo. "Nilimgusia. Amesema haji."

"Kwa nini?"

"Amesema wakishamjua, wamemjua. Hana leseni kamili, hajawahi kujaza fomu yoyote. Halafu..." Alitazama barabarani. "Amesema mke wangu amekuwa akipita pale akimwangalia kama mtu anayetafuta mwizi wa kuku. Amesema kama ni kusaidia, aombwe na mwenye nyumba, si na mimi."

Nilifurahi alivyokataliwa. Nitasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka kwamba duka likifungwa mimi ndiye nitakayekosa kochi la kulalia, na dada atakayekosa kila kitu kingine.

Nilimpelekea dada habari. Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo niende nikampigie magoti."

"Si magoti. Kuomba."

"Nimwombe mwanamke anayepewa pesa na mume wangu kila jioni aje aniambie mbele ya serikali kwamba kweli anapewa pesa na mume wangu."

"Ukiisema hivyo..."

"Wewe ungeisemaje, mtu wa dunia nzima?"

Dada alimenya kiazi kingine mpaka kikabaki kidogo kama yai. Kisha akaosha mikono, akavaa nguo ya kanisani, ile ya kola nyeupe, akamfunga mtoto mgongoni.

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya mabati. Mama wa mapazia alikuwa akikata kitambaa kwenye meza. Aliona nani anaingia, akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. Mimi nilibaki mlangoni na ngazi yangu, nikijifanya nasubiri kazi.

"Hodi," dada alisema.

"Karibu mama. Kiti hicho, toa vitambaa ukae."

"Nitasimama."

"Na mtoto asimame pia? Kaa."

Dada akakaa. Mama wa mapazia aliweka makasi chini. Wanawake wawili walitazamana kwa muda, kama wanaopimana kitambaa.

"Nimekuja mwenyewe," dada alisema. "Umesema uombwe na mwenye nyumba. Mimi ndiye."

"Nakujua. Umepita hapa mara ngapi wiki hii? Nilidhani unataka pazia."

"Nilitaka kukuona."

"Umeniona. Unaonaje?"

Dada alitazama mabomba yaliyojaa. "Naona una vitambaa vingi vya kulipiwa kwa mashine ya watu wengine."

Mama wa mapazia alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Huyo ndiye mke. Mimi nilidhani utanijia na maombi ya kanisani. Sasa sikia, mama. Nikienda kule wataniuliza mauzo yangu, nami nina mtoto shuleni. Hilo unalijua?"

"Nalijua. Mimi nina watatu, na duka likienda wote tunarudi Bungoma kulima shamba la watu. Sikuombi kwa ajili yake. Yeye alipaswa kuniambia, hakuniambia, hiyo ni yangu na yeye. Nakuomba kwa ajili ya wale walio mgongoni."

Mtoto, kama aliyesikia anatajwa, alianza kulia. Mama wa mapazia akanyoosha mkono, akachukua kipande cha leso cha rangi ya chungwa, akampa ashike. Mtoto akanyamaza.

"Kesho asubuhi," mama wa mapazia alisema. "Lakini usinitangulie ukinipa mgongo. Twende sambamba. Na wewe wa ngazi," akanigeukia bila kunitazama, "acha kusikiliza, njoo ubebe vitabu vya risiti. Ni vizito."

Tulikwenda mjini wanne. Ofisi ilikuwa na madawati marefu na feni isiyozunguka. Mtu wa kodi alikuwa na kikokotoo kinachotoa karatasi nyembamba, ndefu kama utepe. Shemeji alitoa nakala za duka za karatasi za kadi. Mama wa mapazia akatoa vitabu vyake vya risiti vyenye karboni, kila moja na kitambaa na mita na bei.

Sikuwahi kuona kazi kama ile, nami nilikuwa nimeona kazi nyingi. Mtu wa kodi alichukua karatasi moja ya kadi, akaangalia tarehe na kiasi, akaipindua, akaona sahihi nyuma, kisha akatafuta risiti ya mapazia yenye tarehe na kiasi kilekile. Ikipatana, upande wa kushoto. Isipopatana, kulia. Hakuwa na haraka. Mara nyingine alikuta karatasi moja kubwa kuliko risiti yoyote.

"Hii?"

"Hiyo ni mchanganyiko," shemeji alisema. "Mteja alinunua kochi na mapazia pamoja. Alitaka kusaini mara moja."

"Basi nione risiti ya pazia na bei ya kochi, jumla ifike hapa."

Mama wa mapazia alitafuta, akaipata. Dada alitafuta kwenye maandishi yake, akapata kochi lenyewe, limeandikwa siku lilipotoka mlangoni. Vikajumlishwa, vikafika. Mtu wa kodi akamtazama mama wa mapazia. "Na hawa wateja wanaweza kusema ni wewe uliyewauzia?"

"Muulize huyu," alisema, akininyooshea kidole. "Ndiye aliyepanda madirisha yao yote. Anajua mpaka nyumba yenye mbwa."

Mtu wa kodi aliniuliza maswali mawili matatu, nikajibu, akaandika. Nilikaa nikijiona mrefu kidogo kwenye dawati lile. Ndilo jambo zuri kuliko yote ambayo mama wa mapazia aliwahi kusema kunihusu.

Fungu la kushoto lilipokwisha, mtu wa kodi alitoa mapazia yote kwenye jumla ya kadi, akakokotoa upya, maana mama wa mapazia hakuwa amejiandikisha na bei zake hazikuwa na VAT ya kutoa ndani yake. Pengo likapungua, likabaki kama robo ya lile la barua. Akashika zile za kulia, akaondoa za makochi ambayo dada aliyaandika. Zilizobaki zote zilikuwa za duka letu, na zote zilikuwa kiasi kidogo kuliko bei ya kochi.

"Arbuni," dada alisema kabla hajaulizwa.

"Mlipewa arbuni kwa kadi na hamkuandika?"

"Kochi halikuwa limetoka mlangoni."

Mtu wa kodi aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alionekana kuchoka. "Mama, kodi haingoji mlango. Kati ya kupokea pesa, kutoa ankara na kutoa mali, kinachotangulia ndicho kinacholeta kodi. Ukipokea arbuni Machi, kodi ya arbuni ni ya Machi. Hizi ulizoziandika baadaye, umechelewa, kuna adhabu ya kuchelewa. Na hizi ambazo mteja aliacha arbuni akapotea, hukuziandika kabisa. Kodi ya hizo utailipa yote."

Dada alitazama maandishi yake, kurasa alizozijaza vizuri kwa kalamu ya bluu jioni baada ya jioni. "Baba yangu aliuza hivyo maisha yake yote," alisema polepole.

"Baba yako hakuwa na mashine."

Kiasi kipya kililipika, kwa awamu. Duka lingepumua. Shemeji alipangusa uso na kitambaa cha mfukoni. Mtu wa kodi alimpa mama wa mapazia fomu za kujaza, akamwambia mauzo yake hayajafikia kiwango cha kujiandikisha kwa VAT lakini kodi ya mapato ataanza kuijua. Yeye akazikunja bila kusoma. Kisha mtu wa kodi akamwonya shemeji kwamba mkataba wa mashine haumruhusu kusugua kadi kwa mauzo ya mtu mwingine, na benki wakijua wataichukua.

Alikuwa akifunga mkoba alipogeuza karatasi moja zaidi, kama mtu anayehakikisha amefunga mlango.

"Kitu kimoja tu, cha kujua. Mbele hapa kadi imelipa kiasi hiki. Benki imekata asilimia yake, umepata pungufu. Nyuma hapa mama amesaini amepokea kiasi kilekile, kamili. Zote ziko hivyo. Ya benki ulimkata lini?"

"Sikumkata," shemeji alisema. "Niliibeba mwenyewe. Ni senti tu."

"Hiyo ni hasara yako, si yangu," mtu wa kodi akasema, akafunga mkoba.

Kwake ilikuwa imekwisha. Mimi nilimtazama dada. Alikuwa amekaa wima, mtoto amelala, na macho yake yalikuwa kwenye fungu la kushoto. Karatasi moja moja zilikuwa senti. Fungu zima halikuwa senti. Shemeji aliwakata mafundi wake hata msumari uliopinda. Mimi alinidai majani ya chai. Dada mwenyewe alihesabiwa nauli ya kliniki. Kila pengo lilikuwa limeelezwa, isipokuwa hili ambalo serikali haikulihitaji.

Na mama wa mapazia alikuwa ameinua kichwa. "Benki inakata?" aliuliza. Shemeji alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi.

Njiani shemeji alizungumza kuhusu mvua, bei ya sponji, na jinsi mtu wa kodi alivyokuwa muungwana. Tulipofika dukani aliingia nyuma kwa mafundi na kubaki huko mpaka jioni.

Kesho yake mama wa mapazia alikuja asubuhi, si jioni. Dada alikuwa amesharudi kukaa dukani na mashine mbele yake, mtoto kwenye kochi. Mama wa mapazia aliweka bahasha juu ya meza.

"Nimehesabu usiku," alisema. "Asilimia ile ya benki, kwa karatasi zangu zote. Sikujua, mama. Angeniambia ningelipa. Sitaki kubebewa na mtu ambaye hakuniuliza."

Dada aliitazama bahasha bila kuigusa. "Hukujua kweli?"

"Ningejua, ningepandisha bei ya pazia."

Nikaona dada akiamini, na nikaona jinsi kuamini kulivyomwumiza zaidi. Mwanamke wa kuchukia alikuwa amemwondokea. Aliyebaki ni mumewe, aliyempa mwanamke mwingine zawadi jioni baada ya jioni bila hata mwenyewe kujua amepewa. Nami nilisimama pale na ngazi. Nilikuwa nimempandia madirisha yote yale nikidhani mimi ndiye ninayempenda kimyakimya, na kumbe kwenye kimya hicho kulikuwa na mtu aliyenitangulia.

Dada akachukua bahasha, akahesabu noti.

"Zinatosha pazia la dirisha moja?"

"Dirisha la kaunsili? Zinatosha na chenji."

"Basi nishonee. Zito. Rangi usimwulize mtu yeyote, nitachagua mimi. Na uniandikie risiti."

Nililitundika Mbotela Jumamosi, la kijani iliyokolea, lenye mikunjo mizuri mpaka chini. Dada alishika ngazi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti na gazeti, watoto wakivuta pindo la kitambaa na kukaripiwa. Nilipomaliza niligeuka nikiwa bado juu. Gazeti lilikuwa limeshuka magotini. Alikuwa akiangalia mshono, ule mshono wa kukunja mara mbili ambao hakuna fundi mwingine wa Jogoo Road aliyejisumbua kuushona, naye aliuangalia jinsi nilivyokuwa nikiuangalia mimi. Dada, chini, alikuwa akimwangalia yeye.

"Limenyooka?" nikauliza.

"Shuka," dada alisema. "Linatosha."

Wiki iliyofuata niliondoka kwenda Kisumu. Nilisikia baadaye mama wa mapazia alihamia karibu na Komarock, kwa wateja wake, kwenye duka lenye simu.